Kyubiki 20 za taka Uyole ni tani ngapi, na Kenta iende tripu ngapi

Swali: Shikamoo kaka. Kikundi chetu tumepewa kazi ya kuzoa taka Uyole hapa Mbeya, sokoni, maduka ya barabarani na mtaa mmoja wa makazi. Tumekadiria kyubiki 20 kwa siku. Mwenye Kenta anasema bodi lake linameza kyubiki 11 kwa hiyo tripu mbili zinatosha. Mtandaoni nimekuta densiti ya taka ni 150, sehemu nyingine 500. Nitumie ipi, na mapipa tununue ya lita ngapi?

Marahaba mdogo wangu. Usitumie hata moja kati ya hizo kabla hujajua zimetoka wapi, maana ukizidisha kwa 150 unapata tani 3 kwa siku na ukizidisha kwa 500 unapata tani 10, yaani kwa karatasi moja uzito unaishia kwenye tripu moja ya Kenta na kwa karatasi nyingine tripu nne. Zote mbili ni namba za kweli ila sio za taka zenu. Ile 150 ni kilo kwa mita ya ujazo kwa taka za nchi ambazo pipa limejaa maboksi, makopo na vifungashio, vitu vikavu vyenye hewa nyingi katikati. 500 mara nyingi ni taka zilizoshindiliwa, ama ndani ya gari la kukandamiza ama chini ya buldoza dampo, au ni taka mbichi zilizolowa chapachapa. Nyie sokoni mna kabichi, viazi vilivyooza, mikungu na maganda ya ndizi, halafu hatua hamsini mbele kuna duka linatoa maboksi matupu, halafu mtaani mama anatoa majivu ya mkaa. Hakuna namba moja itakayowatosha wote hao.

Densiti hapa ni kitu ambacho kila aliyewahi kubeba debe anakijua, debe la mahindi na debe la mkaa ni debe lile lile ila shingo inajua tofauti. Hesabu yenyewe ni fupi:

uzito (kilo) = ujazo (mita za ujazo) × densiti (kilo kwa mita ya ujazo)

Na lita 1,000 ndo mita moja ya ujazo, ndo hiyo kyubiki mnayoisema. Kazi ngumu sio kuzidisha, kazi ni kujua densiti unayoiweka pale ni ya taka ikiwa katika hali gani. Watu wengi wanafungua kitabu cha fizikia wanakuta plastiki ni karibu 950 na kioo ni 2,500, wanaziweka kwenye hesabu ya pipa. Hiyo ni densiti ya kitu chenyewe kikiwa kizima bila nafasi. Chupa tupu za maji zikimwagwa kwenye pipa bila kubanwa zinakuja kwenye 20 mpaka 40 tu, maana unachobeba pale kwa sehemu kubwa ni hewa. Maboksi yasiyokunjwa ni kama 50. Vumbi la mbao kavu kule Mafinga ni kama 200 ila likitoka kwenye gogo bichi au likinyeshewa linapanda sana. Majivu ni 500 mpaka 750. Kifusi cha ujenzi kinafika 1,300 na zaidi. Kwa hiyo ukiona jedwali lolote, swali la kwanza ni hii namba ni ya mzigo uliolegea kwenye pipa, uliokanyagwa kwenye gari, au uliolala dampo, na kama halisemi, liache.

Sasa badala ya kutafuta namba mtandaoni, pimeni ya kwenu, haiwagharimu kitu cha maana. Tafuteni pipa la chuma la lita 200, lile la mafuta lililokatwa mdomo. Usiamini kwamba ni 200 kwa sababu limeitwa hivyo, ukilijaza mpaka ukingoni huwa linazidi kidogo, kwa hiyo mimina ndoo kumi za lita 20 za maji halafu piga alama ya rangi pale maji yalipofika. Mwaga maji, likauke, lipime tupu. Mizani ya magunia hapo Uyole haikosekani, wanunuzi wa viazi wanazo, ila chagua iliyopigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo, maana kwenye nchi ya lumbesa kila mtu ana mizani yake na kila mizani ina tabia yake.

Jaza taka mpaka kwenye alama bila kuzikandamiza kwa mguu. Nyanyua pipa kama sentimita 10 kutoka chini uliachie lianguke, fanya hivyo mara tatu, taka zitashuka kidogo, ongeza mpaka alama tena, ndo upime. Kule kudondosha mara tatu sio ushirikina, kunaondoa yale matundu makubwa ambayo yanakuja kwa bahati tu, ili kipimo cha leo kifanane na cha kesho hata kama aliyejaza ni mtu mwingine. Mfano pipa tupu ni kilo 17, likijaa taka za sokoni linasoma 101, taka ni kilo 84, gawa kwa 0.2 ya mita ya ujazo, unapata 420. Basi hiyo ndo densiti yenu ya soko kwa siku hiyo.

Fanyeni hivyo siku nane mfululizo halafu siku ya kwanza mzitupe namba zake, kwa sababu siku ya kwanza huwa mnaokota na taka za zamani zilizokuwa zimelala pembeni ya kizimba. Zinazobaki saba zinakuwa zimepita wiki nzima, siku ya gulio ndani na Jumapili ndani. Kila siku chukua mapipa kadhaa kutoka sehemu tofauti za soko, usichote yote kwa mama wa kabichi kwa sababu yuko karibu na mizani. Na muhimu kuliko vyote, pimeni kila aina kivyake: soko kivyake, maduka kivyake, nyumba kivyake. Mkichanganya mwanzoni hamtaweza kutenganisha baadae.

Tuchukulie mmepima kiangazi mkapata soko 420, maduka 60, nyumba 330 (hii ya nyumba inapandishwa na majivu na mchanga wa kufagia uwanja), na zile kyubiki 20 zikagawanyika soko 11, maduka 5, nyumba 4. Hizi nimeziweka za mfano ili tuone hesabu inavyokwenda, za kwenu mtaziweka mkishapima.

Soko: 11 × 420 = kilo 4,620
Maduka: 5 × 60 = kilo 300
Nyumba: 4 × 330 = kilo 1,320

Jumla kilo 6,240. Ukigawa kwa 20 unapata densiti ya mchanganyiko 312. Angalia hapo kuna mtego: mtu anachukua 420, 60 na 330 anajumlisha anagawa kwa tatu, anapata 270, akizidisha kwa 20 anapata kilo 5,400, amepoteza kilo 840 hewani. Wastani wa namna hiyo ungekuwa sawa kama kila aina ingekuwa na ujazo sawa, na haiko hivyo. Zidisha kila aina kivyake kwanza, jumlisha kilo, ndo ugawe.

Tuje kwa mwenye Kenta. Hadanganyi, bodi lake huenda kweli linaingia kyubiki 11, ila amejibu swali nusu. Gari lolote la taka lina vikomo viwili, kuna kikomo cha bodi kujaa na kuna kikomo cha springi na ekseli kuelemewa, na siku zote kimoja kinafika kabla ya mwenzake. Kazi yako ni kujua kipi kinatangulia kwa mzigo gani. Njia yake ni rahisi: chukua kilo ambazo gari linaruhusiwa kubeba, gawa kwa ujazo wa bodi. Namba inayotoka ni densiti ya mpaka ya gari hilo. Mzigo wenye densiti chini ya hapo, bodi litajaa kabla uzito haujafika. Mzigo wenye densiti juu ya hapo, uzito utafika wakati bodi bado lina nafasi, na hiyo nafasi ndo inayowadanganya vijana waendelee kupakia.

Hizo kilo zinazoruhusiwa usiulize kijiweni. Tani 3, tani 4 za kijiweni ni jina tu la gari. Chukua kadi ya gari, angalia uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu kabisa likiwa na mzigo, toa. Tuseme juu kabisa ni 6,600 na tupu ni 3,100, inabaki 3,500. Lakini ile 3,100 iliandikwa kabla mwenye gari hajaongeza mbao na vyuma kuinua kingo za bodi, hizo ni kama kilo 250, na vijana wanne wanaopanda na gari ni kilo 250 nyingine. Kwa hiyo taka mnazoweza kubeba ni kilo 3,000, sio 3,500.

Bodi pimeni kwa ndani na futi. Tuseme urefu mita 4.2 na upana 1.9, sakafu inakuwa mita za mraba 8 kasoro kidogo, tuite 8. Kingo zikiwa mita 1.4 bodi linaingia kyubiki 11.2. Sasa 3,000 gawa kwa 11.2 ni 268. Hiyo ndo densiti ya mpaka ya Kenta yenu, iandike hata kwenye mlango wa kebini.

Ukishakuwa nayo mengi yanajieleza yenyewe. Maboksi ya 60 yako chini kabisa ya 268, bodi likijaa mpaka juu ni kilo 670 tu, gari linakwenda dampo la Nsalaga likiwa halijabeba hata robo ya uwezo wake, mafuta yale yale. Taka za soko za 420 ziko juu ya 268, kwa hiyo kilo 3,000 zinafika mkiwa na kyubiki 7.1 tu, na kwenye sakafu ya mita za mraba 8 hiyo ni kimo cha sentimita 90 hivi. Yaani nusu mita ya juu ya bodi haina ruhusa. Mkijaza mpaka ukingoni mmebeba kilo 4,700, tani moja na nusu na zaidi juu ya kikomo, halafu mnateremka na hilo gari kwenye mteremko wa Uyole na breki za Kenta ya mwaka uleule mnaoujua. Na kifusi ndo usiseme, mwenye nyumba anayewaomba "nisaidieni na haka ka kifusi" anawapa mzigo ambao kilo 3,000 zake ni kyubiki 2.3, kimo cha sentimita 29, unaonekana kama gari tupu.

Kwa hiyo chora mstari mwekundu ndani ya bodi. Kwa soko tupu weka kwenye sentimita 90. Kwa mchanganyiko wa 312 kilo 3,000 ni kyubiki 9.6, kimo cha mita 1.2, hapo unaweza kuweka mstari wa pili wa rangi nyingine. Vijana hawatapiga hesabu saa kumi na moja alfajiri, ila mstari wataufuata, au angalau ukiwauliza kwa nini mzigo umepita mstari hawatakuwa na la kujitetea.

Tripu sasa. Kwa ujazo, 20 gawa kwa 11.2 ni 1.8, mwenye Kenta akasema mbili. Kwa uzito, 6,240 gawa kwa 3,000 ni 2.08. Yaani kiangazi mkichanganya mizigo vizuri hamjapishana sana naye, zinabaki kilo 240 chini, mtazisukumia kesho. Ila mkibeba soko peke yake kwanza, soko tu linakula tripu moja na nusu, yaani mbili, halafu maduka na nyumba tripu ya tatu. Ndo maana mpangilio wa kupakia una maana: anza na taka za soko chini, maboksi na nyumba juu yake, kila tripu iwe na mchanganyiko, usitume gari moja zito na lingine la hewa.

Masika ndo hesabu inageuka. Mvua zetu zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili na kuendelea, na kizimba hakina paa. Taka za soko zikipanda 500, nyumba 400, na maboksi yakilowa yakafika 80, kyubiki zile zile 20 zinakuwa 5,500 + 1,600 + 400 = kilo 7,500. Kwa tripu mbili ni kilo 3,750 kila moja, mmezidisha robo nzima, na bodi halijajaa kwa hiyo kwa macho hamna anayeona kosa. Kwa hiyo kwenye bei mtakayokubaliana na mwenye gari andikeni tripu mbili kiangazi na tatu masika. Maji hayo mnayoyalipia mafuta mnaweza kuyapunguza, bati chache juu ya kizimba na sakafu yenye mtaro wa kuchuja inafanya kazi kuliko kubishana na dereva.

Hapa niseme kitu ambacho vikundi vingi vinakosea kwa nia nzuri. Mnasikia tenganisheni taka, mnaanza na maboksi na chupa kwa sababu zina mnunuzi. Sawa, uzeni, ni hela. Ila angalia hesabu: ukiondoa maboksi na plastiki zote za maduka umeondoa kyubiki 5, robo ya ujazo wote, lakini uzito umepungua kilo 300 tu kati ya 6,240, asilimia 5 hivi. Kiangazi hiyo inatosha kuwarudisha kwenye tripu mbili kamili. Masika haitoshi, unabaki na 7,100 na tripu ya tatu iko pale pale. Gari linaloelemewa na uzito halisaidiwi kwa kuondolewa hewa. Kuua tripu ya tatu ya masika mnatakiwa kuondoa kilo 1,500, na hizo ziko sehemu moja tu, kwenye kyubiki 3 za taka mbichi za soko. Mabaki ya ndizi, kabichi, viazi, yaende kwenye mboji au kwa wafugaji. Wafugaji wa nguruwe huku hawakosi, ila wapeni mbogamboga na matunda tu yaliyotoka moja kwa moja kwa wauzaji, mabaki ya migahawa yenye nyama msiyaguse, homa ya nguruwe inasafiri na vitu hivyo na ikiingia kwenye banda hakuna chanjo ya kukimbilia dukani.

Mapipa nayo yanafuata akili hiyo hiyo ila kwa upande mwingine, idadi inatokana na ujazo na saizi inatokana na uzito. Yale mapipa ya plastiki ya magurudumu yaliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 840 yamehesabiwa kubeba kilo 0.4 kwa kila lita, kwa hiyo la lita 240 mwisho wake kilo 96 za taka, la 120 mwisho kilo 48. Ukiangalia vizuri hiyo ni densiti ya 400. Ina maana pipa limebuniwa kwa taka nyepesi kuliko taka zenu za soko. Mkilijaza mpaka mfuniko kwa taka za 420 ni kilo 101, limeshapita, na dalili utaziona: ekseli ya magurudumu inapinda, tairi linalala upande, mpini unapasuka kwenye shingo. Lisijazwe zaidi ya asilimia 80, hapo kiangazi ni kilo 81 na masika kilo 96, limegusa mwisho kabisa.

Ila tatizo lenu kubwa sio pipa kupasuka, ni mgongo. Kenta haina mtambo wa kunyanyua pipa, na kingo zenu ni mita 1.4 kutoka sakafu ya bodi, ongeza kimo cha bodi lenyewe kutoka barabarani. Kilo 81 za taka pamoja na pipa la kilo 14 ni 95, hamna vijana wawili watakaozipitisha juu ya kichwa siku nzima. Chukulia kilo 25 kwa mtu, wawili ni 50. Pipa la lita 120 likijazwa asilimia 80 lina lita 96, mara 0.42 ni kilo 40, ongeza uzito wa pipa kama kilo 10, umefika 50 hiyo hapo. Kwa hiyo sokoni ni lita 120, sio 240. Kiasi cha kununua: kyubiki 11 gawa kwa 0.096 ni mapipa 115 mkimwaga mara moja kwa siku, mkimwaga asubuhi na jioni ni 58, na mie ningenunua 58 na machache ya akiba. Kama hela haipo, pipa la chuma lililokatwa nusu au tenga imara linafanya kazi ile ile, kikomo ni kilo 50 na sio jina la chombo. Masika jazeni mpaka asilimia 65 hivi ili uzito ubaki pale pale.

Maduka ni kinyume. Kwenye maboksi ya 60, pipa la 240 likijaa asilimia 80 lina kilo 11.5, mtoto analivuta. Hapo nunueni makubwa, 27 yanatosha kwa kyubiki 5 za siku, na kwa kuwa maboksi hayanuki mnaweza kupitia kila baada ya siku mbili mkilazimisha wenye maduka wayakunje kwanza. Mtaani endeleeni na viroba na kengele, msinunue mapipa. Ila majivu yawe na chombo chake cha chuma, kidogo, lita 50 tu: kwa densiti ya 600 hiyo ni kilo 30, wakati pipa la 240 likijazwa majivu ni kilo 144. Na majivu yenye kaa moja hai ndani yakiingia kwenye pipa la plastiki, pipa hamtaliona kesho.

Mwisho kabisa hakikisha hesabu yako kwenye mizani ya gari. Kipimo cha pipa la lita 200 ni cha taka zilizolegea, ila vijana wakishapanda juu ya mzigo wanaukanyaga, mita ya ujazo moja ndani ya bodi inakuwa nzito kuliko ile uliyoipima. Kilo haziongezeki, ni nafasi inayopungua, ila mstari wako mwekundu unapima nafasi. Kwa hiyo tafuteni ghala au kiwanda chenye mizani ya malori, pitisheni Kenta likiwa na taka za soko mpaka mstari wa sentimita 90, halafu mlipitishe likiwa tupu na vijana wale wale ndani. Tuseme tofauti ni kilo 3,350. Mpaka mstari ni kyubiki 7.2, kwa hiyo ndani ya gari densiti ni 465 na sio 420. Gawa 3,000 kwa 465 unapata kyubiki 6.45, na sakafu ni 8, futa mstari wa 90 upige mwingine kwenye 80. Rudieni zoezi hilo mvua zikishakolea, mkilipima Septemba na mkalipima Machi mtakuwa na mstari wa kiangazi na mstari wa masika, na namba hizo ndo mtazipeleka mezani siku mnaongea bei ya tripu ya tatu.